Vua Pete Kwanza

Kwa Olinda, duka la vipodozi pale mtaa wa Chuno, mteja hakuuziwa kitu mpaka asomewe. Mama huyu alizaliwa ng'ambo ya mto Ruvuma, akakulia Kitaya, na baba yake alimwachia urithi mmoja tu wa maana: Kireno cha kusoma. Sasa vipodozi vingi vinavyovuka mto vina maandishi ya Kireno, na hapo ndipo Olinda alipojipatia ukubwa. Alivaa miwani, akageuza kopo, akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza ndoa kanisani. Wanawake walinyamaza. Hata aliyekuja kununua wembe alisubiri.

Kwa hiyo Felista, mke wa mwanawe Dercio, aliporudi kutoka kliniki na agizo kwamba alete kila anachojipaka, tena na maboksi yake, Olinda alifunga duka. Hakuulizwa kama ataandamana naye. Alitangaza tu.

"Nitakwenda mwenyewe. Yule nesi anaweza kuhitaji msaada."

Ujauzito wa Felista ulikuwa na miezi minne. Mimba mbili za kwanza zilitoka kabla ya kufika hapo, na tangu ya pili Dercio alikuwa haongei mezani. Hii ya tatu ilibebwa na nyumba nzima. Olinda alikuwa amemkataza mkwewe ndoo, jembe, pilipili na mazishi. Alimpenda msichana yule kwa namna iliyochosha watu.

Nesi Theresia alikuwa mwanamke mfupi asiyecheka ovyo. Felista alipanga makopo mezani, na Olinda akavaa miwani.

"Haya ni mafuta ya mgando," alisoma. "Kitu kimoja tu ndani."

"Hayo hayana neno. Pakaa mpaka tumbo ling'ae," alisema nesi.

Likaja losheni. Nesi alitaka kujua Olinda anasomaje, naye akaeleza kwa raha zote: kinachotajwa mwanzo ndicho kingi, kinachofuata ni pungufu, hivyo hivyo kushuka. Hapa maji, kisha gliserini.

"Sawasawa, mama. Ila vile vya mwisho mwisho, visivyofika sehemu moja katika mia, kiwanda kinaweza kuvipanga kinavyotaka. Na kitu kinaweza kuwa kidogo kikawa na nguvu. Usiache kusoma kwa kuwa umefika mkiani."

Olinda alikuwa hajui hilo. Alikohoa.

"Na hapa mbele wameandika ni ya asili kabisa."

"Mbele ni matangazo. Geuza."

Sabuni ya maji ya chunusi ilikuwa na asidi ya salisiliki, asilimia mbili. Felista alikuwa ameisikia vibaya mtaani na alikuwa ameifunga kwenye kitambaa kama nyoka. Nesi aliifungua. Kiasi hicho, alisema, tena cha kuosha na kusuuza, hakimtishi. Anachokataa ni zile asidi kali za kuchubua uso, asilimia thelathini huko. Krimu ya kuondoa mikunjo ilikuwa na retinoli, na hiyo aliiweka pembeni.

"Vidonge vya jamii yake vinajulikana kuharibu mtoto tumboni. Ya kupaka huingia mwilini kidogo sana, kwa hiyo usilie kwa uliyopaka. Lakini mikunjo inasubiri miezi mitano. Ukiona jina linaanza na reti, liache. Adapaleni ya chunusi nayo ni ndugu yao, ingawa jina halifanani."

Felista hakuwa na mkunjo hata mmoja. Krimu ile ilikuwa zawadi ya mama mkwe.

Kopo la tano lilikuwa la asali, safi, lenye kifuniko cha njano. Halikuwa na karatasi. Ndani mlikuwa na krimu ya rangi ya uji.

"Hii je?" aliuliza nesi.

"Ya usiku," alisema Felista. "Tangu harusi."

"Naisomaje?"

Felista aliinamisha uso. Olinda alinyoosha mgongo.

"Huo ni mkorogo wangu. Nimemchanganyia mwenyewe kila baada ya miezi mitatu. Sichanganyi takataka, sista. Nimekuja na mirija yenyewe."

Kweli alikuja nayo. Aliitoa mkobani mmoja baada ya mwingine, kwa fahari. Mganga hajigangi, wanasema, na huyu alibeba dawa yake mpaka kwa nesi.

Mrija wa kwanza ulisema haidrokwinoni, ya kung'arisha ngozi, asilimia nne. Nesi alieleza kwamba hiyo hupenya ngozi kwa wingi kuliko krimu nyingine, kwa mjamzito haitakiwi, na katika vipodozi nchini imepigwa marufuku. Olinda alisema hilo la marufuku aliwahi kulisikia, kijuujuu.

"Na huu wa pili?"

Olinda aligeuza mrija. Akageuza tena. Yeye aliyewasomea Chuno nzima hakuona orodha yoyote.

"Hawakuandika vilivyomo. Wameandika matumizi tu. Na onyo. Hilo onyo nalijua kwa moyo: isiguse dhahabu, fedha wala aluminiamu." Aliinua kichwa. "Ndiyo maana wateja wangu wote nawaambia, vua pete kwanza. Hakuna aliyeharibikiwa."

Felista alitikisa kichwa kukubali. Kila jioni alivua pete ya ndoa, akaiweka kwenye kisahani, ndipo akapaka.

Nesi aliupokea mrija. Kisha akauliza polepole, "Mama, unajua ni nini kinachokula dhahabu?"

Olinda alijua. Marehemu mumewe alichenjua dhahabu migodini miaka sita, na ilikuwa kazi yake yeye kumkumbusha aache pete nyumbani, kwa sababu ile zebaki ikigusa dhahabu huing'ang'ania na kuigeuza nyeupe. Mikono ya mumewe ilitetemeka mpaka alipokufa.

"Zebaki," alisema.

Miwani ilimtoka puani naye hakuiokota. Alimtazama mkwewe, uso ule mweupe aliokuwa akiusifia kwa majirani, akaona aibu na hofu kwa pamoja, hofu ikiwa kubwa zaidi.

Nesi alikuwa wazi. Hajui kama ndiyo iliyotoa zile mimba mbili, na hakuna atakayejua. Onyo lile ni dalili, si kipimo. Mkojo wa Felista utapelekwa maabara kubwa, na daktari atamwona leo hii. Mkorogo unakoma sasa. Foronya na taulo zifuliwe mbali na nguo za wengine. Mirija ifungwe kwenye mfuko, apewe bwana afya. Isichomwe, maana moshi wake ni sumu, wala isitupwe mtoni. Kisha alimlaza Felista, akaweka mashine ya mapigo tumboni, akamsikilizisha. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga, haraka haraka.

Olinda aliusikia akiwa amesimama mlangoni. Alilia kwa sauti, mbele ya foleni yote.

Walirudi kwa miguu. Karibu na duka, Felista alinyoosha mkono wake wa kushoto, akaitazama pete ya ndoa.

"Haina hata doa, mama," alisema. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa nafuu angekasirika.

Olinda hakufungua duka. Alihesabu kwa vidole wanawake aliowachanganyia, wakafika kumi na saba, wawili wakiwa wananyonyesha. Alichukua mfuko mnene, akaanza na nyumba ya jirani. Mwenye nyumba alitoka akikausha mikono kwa kanga, kidole cha pete kitupu kama alivyofundishwa.

"Karibu, Mama Dercio. Umeniletea nyingine?"

"Ile pete niliyokwambia uvue," alisema Olinda, "ivae. Ile krimu nipe."