Wiki Sita za Demo Katika Saluni ya Viti Viwili

Kinyozi mwenyewe alijiita Mkono Mwepesi, na jina hilo alilibandika juu ya mlango kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kuliko mlango wenyewe. Kunyoa alijua, hilo asipokonywe. Kasoro yake ilikuwa moja: akishajua kitu kimoja, alijiona anajua na vile vinavyopakana nacho. Ndiyo maana shemeji yake, kaka wa mkewe, alipomwonyesha kwenye simu jinsi watu wanavyonunua na kuuza fedha za kigeni, kinyozi alitikisa kichwa kama mtu anayekumbushwa jambo la zamani.

Wakati huo nyumba ilikuwa imeinamia upande. Mkewe alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha mashati, na kiwanda kikafungwa. Walimpa kiinua mgongo chake katika bahasha nyembamba, wakampa mkono, wakafunga geti. Hela ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuonekana kwa muda mrefu, na kila mtu mle ndani alilijua hilo bila kulisema. Ng'ambo ya barabara nayo ilikuwa imefunguliwa saluni mpya yenye vioo toka sakafuni mpaka darini. Wateja wakaanza kuvuka.

"Nipe hiyo hela niizungushe," kinyozi alimwambia mkewe. "Kodi ya saluni nitailipa kwa faida, na hela yako itabaki palepale imenawiri."

"Imenawiri kama kuku wako wale?" mkewe akamuuliza. Kuku walikuwa wamekufa wote.

"Kuku walikuwa wagonjwa, mke wangu. Hii ni hesabu."

"Basi ifanye bila hela kwanza. Wiki sita. Ukimaliza tukae, tulinganishe, ndipo useme unachotaka kusema. Na ukipoteza, usinianzie upya kimyakimya ukadhani sioni."

Kinyozi akafungua akaunti ya demo, ile ya mazoezi, ambayo bei ni za kweli lakini hela ni za kuchora. Utaratibu aliupata kwa shemeji, akauandika kwenye karatasi na kuubandika pembeni ya kioo: subiri soko lichangamke asubuhi, na tena jioni, weka alama kwenye bei ya juu na ya chini ya saa ya kwanza, bei ikifunga nje ya alama, ingia, kikomo cha hasara upande wa pili, ukishinda uchukue mara moja na nusu ya ulichohatarisha. Kila biashara ihatarishe kipimo kilekile cha hela, kisipungue kwa woga wala kuongezeka kwa hasira.

Na wala hakudanganya. Tumpe haki yake. Hata siku aliyopoteza mara mbili mfululizo hakubonyeza kile kitufe cha kurudisha salio mwanzo, ingawa kidole kilikizungukia kama nzi. Wiki za mwanzo salio lilipanda vizuri, kinyozi naye akapanda nalo. Alimnyoa mwalimu mstaafu huku akimweleza uchumi wa dunia, mpaka mwalimu akatoka na ndevu upande mmoja.

Wiki mbili za mwisho mambo yakapooza. Salio likashuka kidogo, likapanda kidogo, likashuka tena.

"Soko limechafuka," alimwambia shemeji.

"Kawaida hiyo. Lakini jumla uko juu, au siyo? Faida ni faida, shemeji. Weka hela."

Jumapili walikaa watatu ndani ya saluni, mlango umefungwa nusu, mvua inagonga bati. Mkewe alikaa kwenye kiti cha pili, ambacho siku hizo hakikaliwi na mtu. Kinyozi akasoma kutoka kwenye simu kwa sauti ya mtoa hotuba: aliingia biashara ishirini na tisa, kumi na tano faida, kumi na nne hasara. Ukitoa hasara, vipimo vinane na nusu juu.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona ulizoingia," mkewe akajibu. "Ambazo hukuingia ziko wapi?"

"Zipi tena hizo?"

"Karatasi yako inasema ingia kila bei ikifunga nje. Uliingia kila ilipofunga?"

Kinyozi akakuna shingo. "Mtu nina mashine mkononi na kichwa cha mteja mbele yangu, niache kichwa nishike simu?"

"Kiwandani tulihesabu na mashati tuliyoyatupa. Ukihesabu yaliyouzwa peke yake, kila kiwanda kinapata faida. Rudisha chati nyuma siku kwa siku, tuzihesabu."

Shemeji akacheka. "Dada, ukishajua mwisho wa chati, kila mtu ni bingwa!"

"Ndiyo maana asiujue." Mwanamke akachukua taulo ya kunyolea, akafunika nusu ya kulia ya skrini. Akawa anaisogeza kidogokidogo, mshumaa mmoja mmoja, vile vijiti vya bei kwenye chati, na mumewe anasema "naingia" kabla taulo haijasogea. Walifanya hivyo kwa kila siku ya wiki zote sita. Mvua ikakatika, hakuna aliyesikia.

Biashara zilizokosa mkono wake zilikuwa kumi na tisa. Nne zilishinda. Kumi na tano zilikula hasara.

Kinyozi akazihesabu tena kwa kidole. Karibu zote zilikuwa za jioni, saa ambazo watu hutoka kazini na kuja kunyoa. Ukizichanganya na zile alizoingia, faida yote ilikwisha, na ikabaki hasara ya nusu kipimo. Akaelewa jambo ambalo angelipa hela ili asilielewe: wateja wake ndio waliomlinda. Kila aliyeketi pale na kuinamisha kichwa alimzuia asipoteze. Soko halikuwa limechafuka wiki zile mbili. Wateja walikuwa wamevuka barabara, naye akapata nafasi ya kuingia kila biashara.

"Na bei?" mwanamke akamgeukia kaka yake. "Yako ya kweli na yake ya demo, ni sawa?"

Shemeji alisitasita, akatoa simu yake. Alikuwa na picha za jioni chache za akaunti yake ya hela halisi. Wakaziweka sambamba na demo, siku ileile, dakika ileile. Kwenye demo, pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza lilikuwa jembamba kama unywele. Kwenye halisi, habari za uchumi zilipotoka, lilitanuka. Kwa hiyo hata ile hasara ya nusu kipimo ilikuwa ya huruma; kwa hela halisi ingekuwa kubwa zaidi.

"Wewe mwenyewe uko juu au chini?" dada akamuuliza.

Shemeji akaanza kutafuta mwavuli wake.

Alipoondoka, kinyozi akasema polepole, "Asubuhi peke yake zimefanya vizuri. Tukiacha jioni..."

"Hizo umezichagua baada ya kuziona. Huo ni utaratibu mwingine, mume wangu. Nao unaanza wiki zake sita."

"Kodi ni mwisho wa mwezi."

"Najua ni lini."

Bahasha haikutoka ndani ya kabati. Kodi ililipwa kwa kiti cha pili. Kijana wa saluni ya vioo alikuja kukichukua mwenyewe, akakivusha barabara kikiwa kinazunguka kama mtoto anayefurahia kubebwa.

Kinyozi alianza demo upya, asubuhi tu. Jioni ya kwanza, bei ilifunga nje ya alama. Hakukuwa na kichwa mbele yake, mashine ilikuwa imening'inia kwenye msumari, na mikono yote miwili ilikuwa huru. Akaifunika simu kwa taulo. Kisha akachukua ufagio, akafagia sakafu isiyokuwa na unywele hata mmoja.