Kiti chenye Utepe Mweupe

Ndugu zangu, nawasimulia jambo hili mwenyewe kabla hamjalisikia sokoni Kasulu. Kadi ya kusimikwa kwa mchungaji wetu mpya ilisema wazi: wageni wawe wameketi saa tatu kamili, na maandamano yakishaingia hakuna kuhamahama. Mimi, mwalimu mzima, nilifika saa tatu na robo, maandamano yakimalizia kuingia. Mbele kulikuwa na kiti kimoja tu kitupu, chenye utepe mweupe, kushoto kwa mchungaji. Nikakikalia.

Mama wa nyuma yangu akaninong'oneza, "Mwalimu, hicho ni cha mke wake. Bado anaimba na kwaya."

Kuhama? Kadi imekataza! Nikaganda.

Askofu, mgeni kutoka mbali, akamwita mchungaji, naye akasimama akiwa bado amefumba macho akiomba, asione nani yuko kando yake. Kisha akanigeukia na kipaza sauti.

"Mama, uko tayari kusimama na mumeo katika kazi hii?"

Ningedanganyaje madhabahuni? "Hapana, Baba Askofu."

Halafu sauti ikatoka kwenye kwaya: "Asante, dada! Hapo umejibu vizuri!"

Watu wakaangua kicheko, nami nikapumua kwa mara ya kwanza tangu saa tatu na robo.