Korja za Leso Zilizohesabiwa Nusu

Subira yangu iliisha pale kijana wa bima aliponiambia, “Mama, ungeshukuru tu, wengine hawapati kitu.” Nilikuwa nimempakata mtoto, na mbele yangu fomu ya kukubali nusu ya thamani ya leso zilizoungua dukani mwangu Magongo.

Nikaisoma hesabu ya mkadiriaji wao. Kila korja ameiandika vipande ishirini.

“Wewe hujaoa?” nikamuuliza.

“Bado.”

“Ndiyo maana. Leso huuzwa jozi, vipande viwili havijakatwa. Korja ni jozi ishirini, wallahi. Kamuulize mamako!”

Akacheka. Mimi sikucheka, wala sahihi sikutia.

Nyumbani nikaandika barua, mtoto akininyang'anya kalamu: “Kwa Meneja wa Madai. Nayakataa malipo haya. Mkadiriaji wenu amehesabu nusu ya mali yangu. Naambatanisha nakala za risiti kutoka kwa muuzaji wangu wa jumla, na jozi moja ya leso muione kwa macho yenu. Naomba mkadirie upya kwa bei niliyonunulia, mnijibu kwa maandishi. Mkikataa, nawashtaki kwa mamlaka inayosimamia bima.”

Nikaipeleka mwenyewe, na sikuondoka mpaka nakala yangu ikagongwa muhuri.