Mshono wa Shingoni

Asteria mdomo anao, hilo hata mama yake kule Ushirombo hakatai. Tangu shule ya msingi ndiye aliyesukumwa mbele kila ulipokuja ugeni. Alipofika chuo cha ufundi Kambarage, hapa Shinyanga mjini, hakukaa wiki kabla ya kuwa msemaji wa darasa. Watu wa aina hii hupendwa sana na walimu. Tatizo lao ni kwamba ulimi huwahi kufika, kisha mwenyewe anafuata nyuma akihema.

Mradi wa kikundi chao ulikuwa chombo cha kuchomea zebaki. Ni kopo nene la chuma lenye kifuniko, na shingoni mwake kuna bomba linalopita kwenye maji. Mchimbaji anatia humo lile donge la dhahabu na zebaki, anafunga, anawasha moto. Moshi wa zebaki, badala ya kuingia kifuani mwake, unapita kwenye bomba, unapoa, unadondoka tena kuwa zebaki. Dhahabu inabaki kwenye kopo. Wazo lilikuwa la Boaz, kijana wa Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu, ambaye mama yake huchomea zebaki kwenye kikaango nyuma ya jiko na watoto wanazunguka.

Otmar alichora. Melania alipima na kununua vyuma. Boaz alikata na kuchomelea. Asteria, wiki hizo zote, alikuwa Ushirombo akimuuguza mama yake. Hakutega kazi, mama aliumwa kweli. Lakini aliporudi chombo kilikuwa tayari, kimepigwa na rangi, na siku ya maonyesho ilikuwa imefika.

Majaji walikuwa na desturi moja ambayo kila mwanafunzi aliijua: wanataka kusikia kila mwanakikundi alifanya nini kwa mikono yake. Asiye na kazi anaondolewa kwenye mradi. Asubuhi ile Asteria hakunywa hata chai. Boaz alimwona, akamvuta kando ya karakana.

"Dada, wewe sema ulichomelea miguu ya stendi ya kopo," alimwambia. "Mimi sitakukatalia."

"Na wewe je?"

"Mimi nina kopo na bomba. Zinanitosha."

Ndivyo walivyokubaliana, miguu ya stendi basi. Na ndiye Asteria aliyepaswa kumtambulisha kila mtu, kwa sababu kwenye mazoezi Boaz alikuwa akisema "kopo hili la chuma haliluhusu moshi" wenzake wakacheka, naye akaapa hafungui tena kinywa mbele ya wageni.

Miongoni mwa majaji alikuwamo mzee Maganga, mwenye karakana yake Geita. Wakati wa ufunguzi alisema wazi kwamba anatafuta kijana mmoja wa kuchomelea, aende naye huko kwa mafunzo, na akifaa abaki kazini. Boaz alipolisikia hilo alijifuta viganja kwenye ovaroli. Wenzake wote waliona anavyolitaka.

Majaji wakafika mezani. Shikamoo, marahaba. Kwa usalama wanakikundi hawakutia zebaki, walitia maji kwenye kopo. Moto ulipokolea, matone yakaanza kudondoka mwisho wa bomba, na Asteria akaanza kutiririka pamoja nayo. Alimtaja Otmar na michoro yake. Alimtaja Melania, akaeleza hata kwa nini walikataa bomba la shaba, kwamba zebaki inaishika shaba na kuiharibu. Majaji wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Utamu wa kusikilizwa ukampanda.

"Na mimi nilishughulikia uchomeleaji," akasema. "Boaz hapa alinisaidia."

Miguu ya stendi haikutajwa. Alisikia mwenyewe kwamba haikutajwa. Angeweza kusema "yaani, miguu," yakaisha. Lakini jaji mmoja mama alikuwa amekwisha kumtabasamia, "Binti anachomelea, safi sana," na Asteria akatabasamu pia.

Mzee Maganga hakutabasamu. Aliinama, akapitisha kidole kwenye shingo ya kopo, pale bomba lilipounganishwa.

"Mshono huu umerudiwa," alisema. "Kwa nini?"

Asteria aliutazama. Kwake ulikuwa mshono kama mishono mingine.

"Tuliurudia ili upendeze, mzee."

Melania alitazama chini. Ukweli ni kwamba Boaz alipojaza hewa kwa pampu ya baiskeli na kupaka povu la sabuni, shingo ilitoa mapovu. Ilikuwa inavuja. Akausaga mshono wote kwa grenda, akaanza upya, akapima tena mpaka povu likatulia. Kama hangeurudia, mtu angechomea zebaki akidhani yuko salama, kumbe anaivuta palepale.

"Ili upendeze," mzee alirudia, polepole. Akamgeukia Boaz, akamsalimu kwa Kisukuma. "Mwangaluka, baba. Wewe hapa ulifanya nini?"

Boaz aliitikia salamu. Alimtazama Asteria, na Asteria akatazama matone.

"Nilisaidia tu, mzee," alisema Boaz. "Dada ndiye fundi."

Majaji wakaenda meza ya pili.

Hakuna aliyemgombeza Asteria, na hilo ndilo lililomzidishia aibu. Otmar alijifanya anarekebisha moto. Boaz alikuwa anaongeza maji kwenye ndoo ya kupozea kana kwamba amemwagiwa sifa. Kama angemtukana, angalau wangekuwa sawa.

Akaondoka pale mezani, akamfuata mzee Maganga katikati ya ukumbi.

"Mzee, samahani. Mimi sikuchomelea kitu. Hata miguu sikuchomelea. Kazi yote ni ya Boaz. Mshono ulikuwa unavuja."

Aliyasema kwa sauti, kama alivyozoea kusema kila kitu, na meza za jirani zikanyamaza. Mzee akarudi naye mpaka kwa Boaz.

"Kwa hiyo kazi ni yako?"

"Ndiyo, mzee."

"Na mbona uliniambia ulisaidia tu?"

Boaz akajifuta tena viganja kwenye ovaroli. Watu walikuwa wanawatazama, na lugha ilikuwa imemkimbia yote.

"Mkono wako sina shaka nao," alisema mzee Maganga. "Mshono ule ni wa fundi. Lakini mimi nikikuuliza kitu cha chuma, nataka jibu la kweli. Leo umemfichia mwenzako. Kesho utamfichia mwenzako ufa, na mtu wa Rwamgasa atavuta moshi." Akamtupia jicho Asteria. "Huyu binti ataondolewa kwenye mradi, hilo ni la chuo. Wewe nitakufikiria."

Kufikiriwa, kila mtu Usukumani anajua, ni kukataliwa kwa adabu. Mzee alikuwa amekwisha kusogea kwa kijana wa meza ya mwisho, mwenye geti dogo la chuma.

Asteria alibaki amesimama. Alitaka kusema pole, likawa dogo. Alitaka kusema nilikuwa narekebisha kosa langu, akaona nalo ni la kujitetea.

"Dada," Boaz alisema, bila hasira, akizima moto. "Kazi yangu ulivyoichukua, nilikuwa nimekupa mwenyewe. Ila hii ya kunifanya muongo mbele ya yule mzee, hata hukuniuliza."

Asteria, msemaji wa darasa, akaanza kumwaga maji ya ndoo. Muda wa kufungasha ukafika, na stendi ile haibebwi na mtu mmoja.

"Shika huko," Boaz alimwambia.

Akashika. Chuma cha upande wake kilikuwa hakijapoa. Alikibeba hivyohivyo mpaka karakana.