Betri ya Mdoli

Nilidanganya, na uongo wenyewe ulikuwa wa kijinga. Nilisimama mbele ya meza ya muuza betri pale Kariakoo, mtu mzima mwenye mvi na cheti cha kidato cha nne, nikasema betri ninayotaka ni ya mdoli wa mtoto. Nyumbani kwangu hakuna mtoto wala mdoli. Kuna mimi, mama yangu na friji.

Anayeishi huku ataelewa. Muuzaji akikuuliza "ya nini?", hakuulizi kwa mapenzi. Anapima shida yako. Ukisema ni ya mgonjwa, bei inapanda ngazi mbilimbili. Ukisema ni ya kuchezea tu, na hata usipoipata utalala usingizi, inashuka. Nimefundishwa hivyo na mama mwenyewe, tangu ananishika mkono kwenda kununua viatu vya shule. Kwa hiyo nikasema mdoli, nikatia na sauti ya mtu asiyejali. Muuzaji, mzee wa Kiarabu mwenye miwani iliyofungwa uzi, akasukuma kopo la plastiki lililojaa betri bapa kama sarafu, zimelala moja juu ya nyingine bila pakiti.

"Chagua, bosi."

Nikachagua tano. Nilirudi nyumbani najiona mjanja wa mjini.

Betri zilikuwa za kipima joto. Ni kidude cheupe, hakizidi kifuniko cha chupa ya soda, dada yangu alikileta alipokuja likizo. Unakiweka ndani ya friji, kinatuma nyuzi za joto kwenye simu kwa blututhi. Mama ana sukari, anajichoma insulini, na insulini ina masharti kama bibi harusi. Nesi wa kliniki alituambia: chupa ambazo hazijaanza kutumika zikae kati ya nyuzi mbili na nane, zisipate joto, na zaidi ya yote zisigande. Ikishaganda, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima, ni ya kutupa. Friji letu ni la zamani, lina hasira za kizee. Siku nyingine linapoza kwa kunung'unika, siku nyingine linageuza mchicha kuwa kioo. Dada akaniachia kidude na maagizo.

"Wewe si upo nyumbani siku zote," alisema. "Angalau uwe na kazi."

Kazi ninayo. Nashona mashati ya shule sebuleni, cherehani iko hatua chache kutoka kwenye friji. Ila ni kweli sitoki. Mimi kwenda mpaka Gerezani, mtaa wa jirani tu, nahesabu kama safari.

Betri iliyokuja na kidude ilidumu karibu mwaka mzima. Ya kwanza kati ya zile za mdoli haikumaliza wiki tatu. Simu ilionyesha betri imejaa, halafu asubuhi moja ikaandika kwamba kidude hakionekani. Nikakitoa, nikakiweka juu ya meza nikisubiri chai. Chai haijapoa, simu ikakiona tena. Nikakirudisha kwenye friji. Mchana kikapotea. Nikakitoa, kikapona. Nikabadili betri, ya pili nayo ikafanya vilevile, tena mapema zaidi. Nikaazima testa ya fundi redio wa ghorofa ya chini, nikaipima betri iliyokufa: volti tatu kasoro kidogo. Nzima kabisa. Sasa utailaumu nini?

Mama alikuwa akinitazama kutoka kwenye kochi.

"Mwanangu, hicho kitu kinaumwa au unakiumwisha wewe?"

"Friji ni la bati, mama. Bati linazuia mawasiliano."

Nilisema kwa uhakika wa mtu aliyepata F ya fizikia. Hata hivyo maneno yenyewe hayakuwa uongo mtupu, bati linapunguza kweli, na hapo ndipo nilipopotea. Nusu ya ukweli inamtosha mtu aliyechoka. Nami nilikuwa nimechoka kukitoa na kukirudisha kidude kama yaya wa mtoto mwenye kikohozi. Nikakihamishia kwenye mlango wa friji, kwenye kijirafu cha mayai. Kikafanya kazi. Nikajisifu mbele ya mama, na mama akasema "haya", neno lake kwa mambo yote asiyoyaamini.

Pale mlangoni kidude kikaanza kusema nyuzi tisa, siku nyingine kumi. Simu ikawa inalia. Dawa inapata joto, nikawaza, na nikafanya anachofanya mwana mwema: nikazungusha swichi ya friji kwenye ubaridi zaidi. Bado tisa. Nikazungusha tena mpaka mwisho. Kidude kikatulia kwenye saba, simu ikanyamaza, na mimi nikarudi kwenye makola ya mashati yangu.

Chupa za insulini hazikuwa mlangoni. Zilikuwa rafu ya juu, nyuma kabisa, zimeegemea ukuta ambako baridi inatokea.

Aliyegundua ni mama. Insulini yake ni ile yenye rangi ya maziwa, anaibingirisha taratibu kati ya viganja kabla ya kuvuta na sindano. Alikuwa amefungua chupa mpya. Akaibingirisha, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaibingirisha tena. Mimi nilikuwa natia vifungo kwenye mashati.

"Njoo uone," akasema. "Hii ina makombo."

Kweli, vipande vyeupe vilikuwa vimeganda kwenye kioo cha chupa kama mabaki ya uji. Nikafungua friji, nikaingiza mkono nyuma. Maboksi mawili yaliyobaki yalikuwa yameshikwa na barafu, ilibidi niyabandue. Dawa yote ya mama, ya kumfikisha siku ya kliniki, ilikuwa imekufa mikononi mwangu huku simu ikiniambia hali ni shwari. Mama akarudisha kifuniko cha sindano.

"Basi leo tunasubiri," alisema, akakunja khanga magotini. Hakunilaumu. Ingekuwa nafuu kama angenilaumu.

Nilitoka na kandambili. Jirani wa mlango wa pili, dada mmoja wa Kilimanjaro anayeuza chupa za chai kwa jumla, alikutana nami kwenye ngazi akaniuliza ninakimbilia nini, maana hajawahi kuniona nikikimbia. Nikamweleza. Akaingia kwangu kukaa na mama, mimi nikapanda bajaji mpaka Upanga. Duka la dawa la kwanza hawakuwa nayo, la pili wakanipa. Mama akajichoma saa za mchana, amechelewa, midomo imekauka, anadai maji kila dakika. Jirani alizichukua chupa mpya za insulini zilizobaki kabla sijafikia friji, akaenda kuziweka kwenye friji lake. Jioni sukari ilikuwa imeanza kushuka, mama akaomba kipande cha samaki, nami nikaketi mbele ya cherehani bila kushona.

Kesho yake nilirudi Kariakoo kugombana. Nilijipanga njiani. Nikazimwaga mezani betri mbili zilizokufa mbele ya mzee wa miwani.

"Shikamoo. Umeniuzia feki."

"Marahaba. Mdoli hajambo?"

Ananikumbuka. Nikajua ugomvi nimeshindwa. Nikamweleza ukweli wote, friji, mama, blututhi. Alisikiliza akiwa anahudumia watu wengine wawili. Kisha akachukua testa yake, akaipima betri yangu.

"Karibu tatu. Unaona nzima?"

"Ndiyo maana nimechanganyikiwa."

"Kwa sababu hujaituma kazi. Mtu akiwa amelala, utajuaje kama ni mvivu?"

Akabandika kirizista kidogo, kidude cha kuinyonya betri umeme, kati ya pande mbili za betri, testa ikiwa bado imeshika. Namba ikashuka mpaka mbili na kitu. Akakitoa, namba ikapanda taratibu. Akaifunga betri kwenye kimfuko cha nailoni, akaizamisha kwenye barafu ya soda za kijana wa jirani yake, akaendelea kuuza. Alipoitoa akarudia jaribio. Safari hii namba iliporomoka chini ya mbili. Akachukua betri nyingine kutoka kwenye pakiti iliyofungwa, akaifanyia yote yale, hata barafu. Ilitikisika kidogo tu.

"Saa ya mkononi inakunywa umeme kwa kijiko," alisema. "Mdoli akizima, mtoto analia, anasahau. Hicho chako cha blututhi kinalala, halafu kinaamka ghafla kupiga kelele, kinataka kunywa kwa mkupuo mmoja. Betri ya kopo ina koo jembamba. Volti zinaanguka palepale, kidude kinazimika. Kikizimika betri inapumzika, volti zinarudi, wewe unapima unasema nzima."

"Na baridi?"

"Mafuta ya nazi mwezi wa saba, asubuhi, yanatoka kwenye chupa?"

"Kwa shida."

"Na ndani ya betri ni hivyohivyo. Baridi inaizidishia uzito. Hata betri nzuri inausikia, ila nzuri ina nguvu ya kuvumilia. Hizi za kopo zimekaa siku nyingi, zinagusana, zinakulana zenyewe kwa zenyewe. Mimi siwaongopei watu. Nauliza ya nini, wananijibu."

Akaniuzia ya pakiti, bei ya ukweli, na mimi sikuomba apunguze hata kidogo. Nadhani alishangaa.

Njiani nilikuwa nawaza jambo lililoniuma zaidi ya bei. Siku za mwanzo, kidude kilipokuwa rafu ya juu kando ya dawa, kilikuwa kinazimika zaidi siku ambazo friji linapoza kwa hasira. Ukimya wake ulikuwa unaniambia kuna baridi huku. Mimi nikakihamishia mahali penye joto ili kiseme ninachotaka kusikia.

Nilirudisha swichi katikati, kidude nikakiweka rafu ya juu, mbali kidogo na ukuta, kando ya glasi ya maji niliyoiweka mahali pa dawa, maana dawa yenyewe bado ilikuwa kwa jirani. Mwezi ukapita. Nyuzi tano, nne, tano, sita umeme ukikatika. Kidude hakikupotea hata mara moja. Nilianza kumwonyesha mama simu kama mtu anayeonyesha picha za mtoto wake. "Haya," alisema mama.

Basi Jumamosi moja nikavaa shati, nikagonga mlango wa pili kuchukua dawa. Kila siku mama alikuwa anavuka korido na fimbo yake kwenda kujichomea huko, na mimi sikupenda wapangaji wamwone. Nikamweleza jirani habari zote, betri mpya, rafu, glasi ya maji, nikamnyooshea simu aone mwenyewe. Aliitazama akiwa anafuta chupa ya chai kwa kitambaa. Kisha akanirudishia.

"Dawa ya mama inabaki kwangu. Wewe endelea kuchunga hiyo glasi ya maji, ikiganda hakuna atakayeumwa."