Kilatini cha Tumbo la Tihomir

Mwalimu Leposava alifundisha Kilatini miaka thelathini na minane katika sekondari ya mji wetu, kando ya mto Timok. Alipostaafu alidhani lugha ile nayo imestaafu, kumbe wapi. Madaktari wetu huandika ripoti nusu Kiserbia, nusu Kilatini, na mgonjwa hukabidhiwa karatasi yake kabla daktari wake hajaiona. Siku za kungoja miadi, watu walipita kwa Leposava. Alivaa miwani, akawaambia neno hili ni figo, hili ni kongosho, kisha akamaliza kwa ukali wa darasani: "Nimekutafsiria maneno. Maana atakupa daktari."

Jumatatu moja ya Machi alikuja Tihomir, mwoka mikate. Ni mtu wa mita moja na tisini na sita, kilo mia moja na kumi na nane, na burek yake, mkate wa matabaka wenye jibini, ndiyo inayouamsha mtaa mzima. Siku hiyo aliinama kupita mlangoni kama mtu anayeingia kanisani. Mkononi alishika bahasha.

"Mwalimu, nakufa," alisema.

"Kaa kwanza. Utakufa ukiwa umekaa."

Mkewe alikuwa amemlazimisha kwenda kupimwa kwa sababu ya kiungulia. Katika kliniki moja walimpaka jeli tumboni, wakampitishia kifaa, na mpimaji hakusema neno ila kila baada ya muda, "Vuta pumzi. Zuia. Haya, pumua." Mwisho wakampa karatasi. Tihomir aliisoma mwenyewe barazani na hakuelewa chochote, na hilo ndilo lililomtisha.

"Shuleni ulinipa moja, alama ya kufeli, mara tatu," alilalamika. "Ungenipitisha, leo ningejua ninaumwa nini."

"Ungesoma, ningekupitisha. Lete hapa."

Alisoma polepole. *Hepar*, ini: limekua kidogo, linang'aa kuliko figo, mafuta yameingia. *Vesica fellea*, kifuko cha nyongo: ukuta wake mwembamba, ndani mna mawe kadhaa, kubwa lao milimita tano. *Lien*, bandama: sentimita kumi na tatu nukta moja, imekua kidogo, ndani iko sawasawa.

"Mawe?" Tihomir alijishika tumbo. "Mimi nina mawe?"

"*Calculi*. Ni kokoto tu. Warumi walizitumia kufanyia hesabu."

"Na hilo la bandama? Jirani yangu anasema bandama ikivimba ni saratani ya damu, basi."

Leposava alivua miwani. Alilijua neno *lien* katika hali zake zote za sarufi, umoja na wingi, na hakujua hata kidogo lina uzito gani ndani ya mtu huyu aliyekuwa akitoka jasho mbele yake. "Jirani yako ni fundi wa mabomba," alisema. "Na mimi ni mwalimu wa lugha. Twende kwa anayejua."

"Utakuja nami?"

"Ukinipisha njia mlangoni."

Daktari Rosanda, bingwa wa magonjwa ya ndani, alisoma ripoti ile kwa muda mfupi kuliko Leposava, lakini alimtazama Tihomir kwa muda mrefu zaidi. Alimuuliza kuhusu rakija, pombe kali ya matunda anayokunywa, homa, kupungua uzito, kutoka jasho usiku. Alimbinya shingo na makwapa, akamlaza na kumpapasa chini ya mbavu.

"Nikueleze," alisema. "Mafuta kwenye ini wanayo wengi, na mengi hutokana na unene na sukari. Mawe yako hayajakuuma, kwa hiyo hatuyagusi. Lakini ukishikwa na maumivu makali upande huu wa kulia, yasiyoachia, au homa, au macho yakageuka manjano, usiende kwa mwalimu. Njoo hospitali moja kwa moja."

"Na bandama?"

"Sentimita kumi na tatu kwa mtu mfupi ningeikunjia uso. Wewe ni mlingoti, huenda ndicho kipimo chako. Ila siwezi kusema 'huenda' nikakuacha uende. Ini likiumia sana huweza kuivimbisha bandama, na damu nayo huweza. Tutapima damu, tutatafuta virusi vya ini, na tutapima kama ini limekakamaa."

Majibu yalichukua wiki mbili. Tihomir alioka vibaya siku zote hizo, na mtaa ulikula chumvi bila kulalamika. Yalipotoka, damu ilikuwa nzuri, virusi hamna, ini bado laini. Alipewa kazi: kupunguza mikate na uzito taratibu, kutembea kila siku, na kuiacha rakija.

"Mwoka mikate asile mikate!" aliguna.

"Oka," alisema Rosanda. "Waache wengine wale."

Yaliyofuata hayakuwa na maajabu. Alitembea kando ya mto kila alasiri, na mkewe alimpikia maharage na pilipili za kuchoma. Kufikia Novemba alikuwa amepungua kilo kumi na moja. Rosanda alimwita ampime kwa mashine yake mwenyewe, na Tihomir akaomba mwalimu aingie. "Yeye ndiye aliyenisoma kwanza," alisema.

Chumba kilikuwa na giza la mapazia. Leposava alikaa kwenye kiti pembeni, mkoba mapajani. Alitarajia kuona picha iliyosimama, kama za vitabuni. Kwenye kioo cha mashine aliona kitu kinachotembea.

"Vuta pumzi," alisema Rosanda, na ini zima likateremka, kubwa, la kijivu, tulivu, likapita mbele ya figo. "Pumua." Likapanda tena. Ndani yake mishipa ilifunguka kama mito inayoonekana kutoka mlimani.

"*Hepar*," Leposava alinong'ona.

"Tazama rangi yake. Machi liling'aa kuliko figo. Sasa karibu yanalingana. Mafuta yanatoka."

"Yanatoka?" Tihomir aliinua kichwa. "Yenyewe?"

"Ini hujirekebisha, ukiliachia nafasi. Tulia."

Kisha kifuko cheusi cha nyongo kilijitokeza, na ndani yake, chini kabisa, nukta nyeupe, kila moja ikiburuta kivuli nyuma yake. "Geuka ubavu wa kushoto," alisema Rosanda. Tihomir aligeuka, kitanda kikalia, na kokoto zile zikabingirika pole pole mpaka upande mwingine wa kifuko.

Leposava alisimama bila kujua kwamba amesimama. Miaka thelathini na minane aliandika maneno haya ubaoni kwa chaki, akayasahihisha kwa wino mwekundu, akawafelisha watu kwa ajili yake. Hakuwahi kufikiri kwamba kila mtoto aliyekaa mbele yake akipiga miayo alikuwa nayo yote, gizani, yakipanda na kushuka bila kuagizwa.

"Hayo ni yangu?" Tihomir aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni yako," alisema Rosanda. "Na hii ni bandama. Kumi na tatu nukta moja, vilevile. Damu yako bado nzuri. Basi, ndivyo ulivyoumbwa. Tutaonana baada ya mwaka."

Tihomir alijifuta jeli kwa karatasi, taratibu, kama anayempangusa mtu mwingine.

Nje, kwenye benchi la hospitali, walikaa wote wawili. Watu walipita na bahasha zao. Leposava aliingiza mkono chini ya koti, akaubandika chini ya mbavu za kulia, akavuta pumzi kwa kina.

"Mwalimu, unaumwa?" Tihomir alishtuka.

"Nyamaza," alisema. "Linashuka."