Kwikwi ya Mwaija

Mwaka 1974, katika kijiji kipya cha ujamaa huko Handeni, mkutano ulimkabidhi Mwaija ufunguo wa ghala la mbegu za karanga. Wanaume kadhaa walinuna. Mwaija aliufunga kwenye pindo la khanga, akawaambia wanune vizuri, uso usikunjike vibaya.

Kwikwi ilimwanza Jumatatu alfajiri, akipakua uji. Alibana pumzi mpaka macho yakamtoka. Akanywa maji baridi kidogo kidogo, akameza kijiko cha sukari kavu, akaketi amekumbatia magoti. Ilitulia kidogo, kisha hiyo tena. Kufika jioni kijiji kizima kilijua, na kila mtu tangu utotoni alishasikia kwamba mwenye kwikwi kaiba chakula.

Watoto huambiwa hivyo kwa utani. Mzee Mhina, mwenyekiti, hakuwa na utani, akamsimamisha mkutanoni Jumanne.

"Taja ulichokula ghalani, mama. Ukitaja, itakatika."

"Sijala hata punje, mzee. Na sitaji uongo ili nipone."

Jumatano asubuhi kwikwi ilikuwa bado ikimrusha mabega. Hajalala, hajala cha maana, na ubavu wa kulia unamchoma kila akivuta pumzi. Habakuki, mganga wa zahanati, Msambaa wa Bungu, alimpima joto na kumsikiliza mgongoni.

"Kwikwi ya siku moja aghalabu huondoka yenyewe," alisema. "Ikipita siku mbili, ni ya hospitali. Ikija na maumivu ya kifua, kutapika damu au mkono kulegea, hatungoji hata hizo mbili. Wewe una homa. Mbona hukusema jana kifua kinauma?"

"Wangesema natafuta pa kukimbilia."

Trekta la kijiji lilikuwa likienda mjini Handeni. Mzee Mhina alilizuia. "Apande akikiri. Mwizi hatoroki kwa trekta la wananchi."

Neno moja tu lingempandisha. Mwaija aliogopa kufa, tena sana. Ila aliogopa zaidi wanawe kuitwa watoto wa mwizi. Akafungua pindo, akamtupia ufunguo miguuni.

"Pimeni mbegu, watu wote waone. Mimi nakwenda."

Akapanda nyuma ya baiskeli ya Habakuki.

Hospitalini picha ya eksirei ilionyesha nimonia sehemu ya chini ya pafu la kulia, nayo ilikuwa ikiuchokoza msuli wa kupumulia ulio chini yake hadi kuleta kwikwi. Akadungwa sindano za penisilini. Siku ya tatu kwikwi ikakatika.

Aliporudi, mbegu zilikwisha kupimwa na hazikupungua. Mzee Mhina alimvizia nyuma ya ghala, peke yake, akamnyooshea ufunguo.

"Yamekwisha, mama. Tusikumbushane."

"Uliniita mwizi mbele ya mkutano, mzee. Kanisafishe hukohuko."

Jumamosi ya wiki iliyofuata mwenyekiti alisimama mkutanoni, akainamisha kichwa, akanong'ona kwamba Mwaija hakuiba.

"Huku nyuma hatujasikia, mzee," alisema Mwaija. "Rudia."

Mzee Mhina akarudia.